Spikoni na jeki nyuma ya spika: matundu mawili, njia moja, na mashine inayoungua

Ukizunguka Ngamiani hapa Tanga siku za wikiendi msimu wa harusi, kila mtaa wa tatu kuna turubai na kila turubai lina mziki wa kukodi, na katikati ya usiku lazima usikie sehemu moja sauti imekata puu. Vijana wanakimbilia jenereta, wanakimbilia swichi, mtu wa mziki anaambiwa mashine zako za kichina. Mara nyingi jenereta haina shida na mashine haina shida, kilichoua ni waya uliochomekwa nyuma ya spika. Na ukiuliza mafundi watano kuhusu hizo pini unapata majibu sita: mmoja atakwambia spikoni inatoa sauti nzito kuliko jeki, mwingine tundu moja ni la besi na lingine la twita, mwingine anasema chomeka popote tu yote ni waya. Tukae tuifungue hii kitu taratibu.

Kwanza tuelewane majina. Nazungumzia spika isiyo na amplifaya ndani, ile ambayo haichomekwi umeme, inaletewa sauti iliyokwisha kukuzwa na mashine iliyo pembeni. Spika zenye amplifaya ndani zina mambo yake na nitazigusa kidogo tu. Jeki ni ile pini ndefu ya chuma ya robo inchi, milimita 6.35, ambayo wengi tunaiita pini kubwa, ile ile ya gitaa na kinanda. Hii pini ni ya zamani mno, ilianzia kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, wale waliokuwa wanaunganisha simu kwa mkono, kwa hiyo haikutengenezwa kubeba wati mia tano za singeli hata siku moja. Ina sehemu mbili, ncha na shina, ncha ndo chanya na shina ndo hasi, katikati kuna kipete cha plastiki chembamba kinachozitenganisha. Spikoni ni ile plagi nene ya duara, nyeusi na mara nyingi ina rangi ya bluu, unaichomeka halafu unaizungusha kulia inalia tak, imejifunga. Waliileta kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein mwaka 1987 na waliitengeneza kwa kazi moja tu, kutoa sauti kwenye amplifaya kupeleka kwenye spika. Ya kawaida ina njia nne, zimeandikwa 1+, 1-, 2+ na 2-, na kwa spika nyingi za kawaida zinazotumika ni 1+ na 1- tu.

Sasa hapo kwenye sauti nzito. Hakuna. Umeme ule ule ukipita kwenye waya ule ule, sikio halijui umepitia spikoni au jeki. Aliyebadilisha akasikia tofauti, mara nyingi alibadilisha na waya wenyewe, ametoka kwenye waya wa gitaa akaingia kwenye waya mnene wa spika, au ile jeki yake ya zamani ilishaliwa na kutu, na huku kwetu upepo wa bahari hauna huruma, ukiwa unapiga kazi za Raskazone utaona pini inapoteza mng'ao wake mapema tu. Kwa hiyo tusigombanie sauti. Tofauti iko kwenye usalama wa mashine, na inaanzia hapo nyuma ya spika yenye matundu yote mawili.

Ukigeuza spika nyingi utakuta spikoni mbili na jeki moja, au spikoni moja na jeki moja. Zote hizo kwa ndani zimeungwa sambamba, yani ncha ya jeki imeunganishwa na 1+ ya spikoni moja kwa moja, shina limeunganishwa na 1-. Ni kama nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa uani, ukiingia kwa huku au kwa kule unatokea sebule ile ile. Hakuna tundu la besi wala la twita, kugawa besi na twita kunafanywa na saketi ndogo ndani ya boksi baada ya hapo. Zipo spika kubwa zinazogawiwa kwa nje, zile zinatumia 1 kwa besi na 2 kwa twita kwenye spikoni moja, lakini huwa zimeandikwa na huwa na swichi yake.

Usiniamini kwa maneno, chukua mita. Chomoa kila kitu kwenye spika, weka mita kwenye omu, gusa ncha ya ndani ya tundu la jeki na njia ya 1+ ya spikoni. Ikisoma karibu na sifuri, ni njia moja. Halafu pima 1+ na 1-, spika iliyoandikwa omu 8 itakupa kama 6 hivi, usishtuke, mita inapima kwa umeme wa betri na siku zote husoma chini ya namba iliyoandikwa.

Ukishaelewa hilo, ona kinachofuata. Ukileta sauti kutoka kwenye mashine kupitia spikoni, lile tundu la jeki lililobaki wazi sio tundu la kuingizia tena, limekuwa la kutolea, lina umeme wote wa mashine. Na hapa ndo kosa baya kuliko yote linatokea, maana mtu anaona nafasi imebaki, ana mashine ya pili ipo imekaa, anasema si tuongeze nguvu, mashine moja aingize kwa spikoni nyingine kwa jeki. Bwana we. Hapo hujaongeza nguvu, umefunga midomo ya mashine mbili pamoja.

Watu wengi wanadhani mashine ikizimwa sauti, yani volyumu iko sifuri, inakuwa kama haipo. Sivyo. Amplifaya iliyowashwa bila sauti inashikilia sifuri kwa nguvu zake zote, ndo kazi yake, kule kwenye matundu ya kutolea upinzani wake ni mdogo sana, chini hata ya sehemu ya kumi ya omu kwa mashine nyingi. Sasa mashine ya kwanza inasukuma volti 35, ya pili inang'ang'ania sifuri, katikati hakuna spika ya kupunguza kasi kwa sababu zote mbili zimefungwa kwenye njia moja. Kwa mashine ya kwanza, ile ya pili ni shoti. Na kwa ya pili hivyo hivyo. Hata ukipitisha wimbo mmoja kwenye zote bado hazitalingana sawasawa, moja imefunguliwa kidogo zaidi, nyingine imechelewa, ile tofauti yote inageuka kuwa ampia nyingi zinazopita kwenye transista za kutolea. Spikoni na spikoni mtu huwa anasita kidogo, anajiuliza kwani ya pili ni ya nini, lakini spikoni na jeki kwa sababu zinaonekana ni vitu viwili tofauti anadhani zina kazi mbili tofauti. Ndo maana nasema kuchanganya kunaua.

Hizo volti 35 sijazitoa hewani. Mashine iliyoandikwa wati 300 kwa omu 4, zidisha 300 mara 4 unapata 1200, tafuta kipeuo cha pili unapata kama 35. Hizo ndo volti inazotoa ikiwa imefunguliwa mwisho, na kwenye omu 4 inapitisha kama ampia 9. Ikikutana na shoti ya nusu omu tu, itadaiwa ampia 70. Hakuna transista za mashine ya saizi hiyo zinazolipa deni hilo.

Sasa turudi kwenye pini yenyewe, kwa nini jeki inatengeneza shoti na spikoni haitengenezi. Mtu wa mziki ameshawasha, wimbo unapiga, anataka kuhamisha spika, anachomoa jeki nyuma ya spika huku upande wa mashine waya bado umechomekwa. Ile pini ina moto. Inapotoka, ncha yake inapita kwenye mdomo wa chuma wa tundu, na ule mdomo kazi yake ni kushika shina, kwa hiyo kuna sehemu ya safari ambapo ncha na shina vyote viwili vimegusa chuma kimoja. Hiyo ni shoti kamili, fupi lakini kamili. Ukichomoa upande wa mashine kwanza hali ni tofauti, kwa sababu pale lenye moto ni tundu na sio pini, kile chuma cha ndani cha ncha kiko mbali na mdomo, mara nyingi hakuna kinachogusana. Sio kwamba nakuruhusu uchomoe mziki ukipiga, zima, ila ujue kwa nini yule jamaa anayechomoa kwenye mashine hajawahi kuunguza na wewe unayechomoa kwenye spika umeunguza.

Na shoti mbaya zaidi sio ya kuchomoa haraka, ni ya nusu. Mtoto amejikwaa kwenye waya, pini imetoka nusu, imebaki inaning'inia ncha ikiwa ndani ya mdomo. Jeki haina kufuli, kinachoishikilia ni msuguano tu. Hapo shoti inakaa dakika nzima wakati nyie mnaangalia jenereta. Au pini imetoka kabisa imeanguka juu ya nondo ya turubai ikalala kwa ubavu, ncha na shina juu ya chuma kimoja, ngoma imeisha.

Spikoni wamemaliza hayo yote kwa umbo. Vyuma vyake vimezama ndani ya plastiki, kidole hakifiki, nondo haifiki. Ukiichomeka bila kuzungusha haijashika, ikizungushwa ndo kila chuma kinakutana na mwenzake, hakuna mahali ambapo chanya inapita juu ya hasi. Na mtoto akijikwaa, waya utavuta spika ianguke lakini plagi haitatoka nusu. Vyuma vyenyewe vimepimwa kubeba ampia 30 hadi 40 kutegemea modeli, kwa zile za asili. Za bandia zimejaa madukani, plastiki laini, lile kufuli linasaga baada ya harusi chache, hizo sizitetei.

Tuje kwenye mfano mmoja tuufuate mwisho, kwa sababu huu ndo unaotokea kwenye mikutano ya hadhara pale Tangamano na kwenye maulidi na kila mahali. Mtu ana mashine ya njia mbili, wati 300 kila njia kwa omu 4. Anataka nguvu zaidi kwenye spika moja kubwa ya omu 8, anaiweka kwenye briji, yani njia zote mbili zinasukuma spika moja kutoka pande mbili, moja ikisukuma nyingine inavuta. Anapata kama wati 600 kwa omu 8. Hapo mpaka sasa ni sawa kabisa, mashine imeruhusu, spikoni imechomekwa, nyimbo zinakwenda.

Nusu saa baadae mzee mmoja huko nyuma anasema, "Mwanangu, huku hatusikii kitu."

Kijana anajibu, "Sawa mzee wangu, nakuletea spika sasa hivi," na kweli anachukua spika ya pili ya omu 8, anatafuta spikoni nyingine hana, ana waya wa gitaa wa mita kumi, anautoa kwenye tundu la jeki nyuma ya spika ya kwanza kwenda ya pili. Kwa macho ni kazi safi. Kwa ndani kumetokea mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza, spika mbili za omu 8 sambamba ni omu 4. Kwenye briji kila njia inaona nusu ya mzigo, yani omu 2, na hii mashine mwisho wake ni 4. Imedaiwa ampia mara mbili ya ilizojengewa. Itapiga, tena itapiga vizuri dakika kadhaa, halafu feni inaanza kulia.

La pili, ule waya wa gitaa. Uzi wake wa katikati ni mwembamba kama uzi wa kushonea, kazi yake ni kupitisha volti ndogo isiyofika hata moja. Kwa mita kumi upinzani wake kwenda na kurudi unaweza kufika omu moja. Wa spika wa milimita 2.5 kwa urefu huo huo hauzidi omu 0.15 hivi. Sasa ile omu moja inakula sehemu ya nguvu inayotakiwa kwenda kwenye spika na kuigeuza kuwa joto, mziki ukifunguliwa sana ni makumi ya wati yanapasha mpira wa waya. Ukiukuta waya umekunjwa bunda chini ya zulia, mpira unalainika, uzi wa katikati unazama mpaka unagusa zile nyuzi za nje, na hiyo ni shoti ambayo huioni kwa macho.

La tatu ndo ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Mashine ikiwa ya kawaida, lile shina la jeki ni hasi na hasi imefungwa kwenye bodi, yani boksi la chuma la mashine, ukiligusa kwenye bodi ya mashine au kwenye stendi hakitokei kitu. Kwenye briji hakuna hasi. Pande zote mbili zina moto, shina la jeki limefungwa kwenye njia ya pili ya mashine na lina volti zake 35 linazocheza nazo. Na shina ndo lile lile chuma refu lisilofunikwa, na kwenye pini za bei rahisi hata kifuniko cha nje ni chuma kilichofungwa na shina. Ile pini ikigusa bodi ya mashine, au ikigusa stendi ambayo imegusa mixa, njia ya pili imepigwa shoti hata kama ncha haijagusa chochote. Baadhi ya mashine mpya nyepesi, hizi za daraja D, zinafanya hivyo kwa ndani siku zote hata kama hujaziweka briji. Kwa hiyo kwa mashine ambayo hujaiweka briji, kipimo cha mita tena: mashine imezimwa na imechomolewa ukutani, pima kati ya 1- na bodi. Ikisoma karibu sifuri hasi yako ni ya kweli. Isiposoma hivyo, chukulia pande zote zina moto na usiweke jeki popote kwenye mnyororo huo.

Hapo hapo kwenye briji kuna kachanganyiko kengine kadogo. Mashine nyingi zinatoa briji kwenye 1+ na 2+ za tundu la kwanza, sio 1+ na 1-. Ukichomeka waya wako wa kila siku unapata njia moja tu, sauti inakuwa ya kawaida, halafu unasema briji ya mashine hii mbovu. Soma maandishi nyuma, yamechorwa pale.

Utaniambia mashine za siku hizi zina ulinzi. Zinao, na umeokoa mashine nyingi sana. Ulinzi unaona ampia zimezidi, unakata, taa nyekundu inawaka. Lakini kwa mashine za bei ya chini ulinzi wenyewe ni fyuzi tu, na transista inakufa kabla fyuzi haijashtuka. Na transista ikifa kwa kawaida haikatiki, inaganda ikiwa inapitisha umeme, kwa hiyo umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai unamwagika kwenye spika. Spika inasukumwa mbele inabaki hapo hapo, koili inapata moto, unasikia mgurumo mmoja wa chini halafu harufu. Ndo maana mtu analeta kwa fundi mashine moja na spika mbili zote zimekufa siku moja, wakati chanzo kilikuwa pini ya nusu tundu.

Kuna na kosa la jeki linaloelekea upande mwingine, haliui amplifaya sana ila lina gharama. Kwa sababu jeki ni ya kila kitu, waya uliotoka kwenye mashine unaingia vizuri tu kwenye tundu la mixa au kwenye spika yenye amplifaya ndani. Tundu lile linasubiri volti moja, unalipa 35. Spikoni haiingii kwenye mixa hata ukiipiga nyundo, na ndo ilikuwa nia ya walioitengeneza.

Sasa je, jeki ni haramu? Hapana. Kwa madrasa yenye mashine ndogo ya wati 50 na spika moja, jeki imefanya kazi miaka na miaka na itaendelea. Kama una spika ya zamani yenye tundu la jeki peke yake na mashine yako ina spikoni, tengeneza waya mmoja, spikoni upande wa mashine, jeki upande wa spika, katikati waya wa spika wa nyuzi mbili angalau milimita 1.5, sio wa gitaa. Chomeka mashine ikiwa imezimwa, funga waya kwenye mguu wa stendi ili ukivutwa uvute stendi na sio pini, na huo waya usiutumie kabisa kwenye briji wala kwenye mashine ambayo mita imekwambia pande zote zina moto. Ukiwa na spika za kukodisha, mimi ningeziba matundu ya jeki yote kwa gundi au kipande cha plastiki yakae hivyo, maana hujui atakayezipanga kesho ni nani.

Na taa nyekundu ikiwaka usiku katikati ya shughuli, usizime na kuwasha mara tano kama tunavyopenda. Zima mara moja, chomoa spika zote upande wa mashine, washa mashine ikiwa tupu. Taa ikirudi bila kitu kilichochomekwa, mashine imeshaumia, ipeleke kwa fundi na usiifunge kwenye spika yoyote nzima. Isiporudi, tatizo liko kwenye waya au spika: zima, chomeka spika moja kwa waya mmoja, washa, halafu ongeza nyingine moja moja ukizima kila unapoongeza. Ikikata kwenye ile ya tatu, pima waya wake kwanza ukiwa haujachomekwa popote, ncha na shina visisome kitu kabisa. Vikisoma, kata hiyo pini utupe. Waya ukiwa mzima, pima spika, ikisoma omu 1 au sifuri badala ya 5 au 6 ujue koili imeungana.

Na kama waya ni mzima na spika ni nzima, hesabu spika ulizofunga. Tatu za omu 8 sambamba ni omu 2.7, na mashine yako inaishia 4.